Kitabu chenye wahariri: jinsi ya kukiandika kwenye marejeleo unapokitaja kizima (APA, toleo la 7)

Kila msimu wa tasnifu maswali ni yale yale. Kitabu hakina mwandishi mmoja, kina wahariri: jina la nani linatangulia? Naandika `Ed.` au `Eds.`? Nukta inakaa wapi? Na ndani ya maandishi, kile kifupisho kinarudiwa? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa kufuata mtindo wa APA, toleo la 7 la mwaka 2020, kwa kuwa ndio unaotakiwa na idara nyingi. MLA na Chicago nimezigusa kwa ufupi tu, na Kiswahili kina sehemu yake baadaye.

Ninazungumzia jambo moja: kitabu kilichohaririwa, ukikitaja kama kitu kimoja kizima. Sura moja ndani ya kitabu hicho ina utaratibu mwingine. Nitauonyesha pale tu inapobidi ili usichanganye viwili hivyo, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo.

Kabla ya kuanza

Uwe na kitabu chenyewe mkononi, au faili lake lenye kurasa za mwanzo. Unahitaji kurasa mbili. Wa kwanza ni ukurasa wa ndani wenye jina kamili la kitabu, si jalada. Wa pili ni ule wa nyuma yake, wenye hakimiliki, mwaka na mchapishaji. Jalada hupunguza majina, na maduka ya mtandaoni hukosea mwaka. Orodha ya marejeleo ya mtu mwingine usiiamini hata kama ni ya profesa, maana kosa moja likishaingia kwenye tasnifu moja hunakiliwa miaka na miaka.

Uwe pia na mwongozo wa idara yako au wa jarida unaloliandikia. Ukipingana na ninachosema hapa, fuata huo. Wewe unasahihishwa na wao.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli unakitaja kitabu kizima

Anza hapa kabla hujagusa majina. Jiulize: wazo ninalolitaja limetoka kwenye kitabu chote, au limetoka kwa mtu fulani aliyeandika sura fulani?

Chukua *The Swahili World*, kitabu kikubwa cha mwaka 2018 kilichohaririwa na Stephanie Wynne-Jones na Adria LaViolette. Ndani yake wameandika wataalamu wengi wa akiolojia, historia na fani nyingine, na kila sura ina jina la aliyeiandika. Ukisema kwamba utafiti kuhusu miji ya pwani sasa umekusanywa mahali pamoja, unakitaja kitabu kizima na wahariri wanakaa mbele. Lakini ukisema jambo mahususi kuhusu mji mmoja, na umelisoma kwenye sura moja, basi mwenye maneno ni mwandishi wa sura. Ukiwapa wahariri, umempokonya mtu kazi yake na kumpa mwingine.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: ukijikuta unataka kuweka namba ya ukurasa kando ya majina ya wahariri, simama. Mtu anayetaja kitabu kizima hahitaji ukurasa. Namba ya ukurasa karibu kila mara ina maana kwamba umenukuu sura, na sura ina mwandishi wake. Fungua ukurasa huo, rudi nyuma hadi mwanzo wa sura, uangalie jina lililoandikwa pale. Hata utangulizi walioutia saini wahariri wenyewe huandikwa kama sura, wao wakiwa waandishi wake.

Kuna vitabu vyenye mhariri ambavyo havimpi kiti cha mwandishi hata ukivitaja vizima. Hivi ni vile ambavyo maneno yote ni ya mtu mmoja na mhariri amekusanya, amepanga au amefafanua tu. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalichapishwa mwaka 1940 yakiwa yamehaririwa na W. Hichens. Hapo mshairi ni Muyaka, kwa hiyo jina lake ndilo linalotangulia, na Hichens anafuata baada ya jina la kitabu, ndani ya mabano, herufi ya jina lake la kwanza ikiwa mbele: `(W. Hichens, Ed.)`. Mhariri hukaa mahali pa mwandishi pale tu ambapo kitabu hakina mwandishi wa kitabu chote.

Hatua ya 2: Tambua wahariri ni akina nani

Kwenye ukurasa wa ndani tafuta maneno `edited by`, `editor`, `editors`, au kwa Kiswahili "kimehaririwa na", "mhariri", "wahariri". Majina yaliyo hapo ndiyo yako, na kwa mpangilio ule ule. Usiyapange upya kwa alfabeti. Aliyetangulia kwenye kitabu ndiye anayetangulia kwenye orodha.

Watu wafuatao huchanganywa na wahariri, nao si wahariri wa kitabu unachokitaja: mhariri wa kampuni ya uchapishaji anayeshukuriwa kwenye dibaji, mhariri wa mfululizo mzima ambao kitabu ni sehemu yake, na wajumbe wa kamati iliyosimamia mradi. Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO ni mfano mzuri. Juzuu zake zina kamati ya kimataifa yenye majina mengi kwenye kurasa za ndani, lakini juzuu ya saba ya mwaka 1985 ina mhariri mmoja, A. Adu Boahen. Majina ya kamati hayaingii kwenye rejeleo.

Vivyo hivyo, taasisi ikiandikwa kwenye jalada bila neno la kuhariri, ichukulie kuwa ni mwandishi. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* hutajwa kwa jina la taasisi iliyoitunga, na halifuatwi na kifupisho chochote cha uhariri.

Hatua ya 3: Andika majina kama unavyoandika ya waandishi

Jina la ukoo kwanza, mkato, kisha herufi ya kwanza ya kila jina lake jingine na nukta. Wahariri wakiwa wawili, weka mkato na alama ya `&` kabla ya wa pili. Mkato huo unabaki hata kama watu ni wawili tu, na wengi huusahau:

Wynne-Jones, S., & LaViolette, A.

Wakiwa watatu au zaidi, wote wanaandikwa kwenye orodha, hadi ishirini, na `&` inakaa kabla ya wa mwisho. Usiwafupishe kwa `et al.` kwenye orodha. Kifupisho hicho ni cha ndani ya maandishi.

Majina ya ukoo yenye sehemu zaidi ya moja yaache kama mwenyewe anavyoyaandika. Wynne-Jones ni jina moja lenye kistari. LaViolette ina herufi kubwa katikati, na ukiruhusu programu ya kuandikia "ikusahihishie" utapata jina la mtu mwingine. Mark Van de Velde, mtaalamu wa lugha za Kibantu, anaingia kwenye V kwa kuwa Van de Velde yote ni jina lake la ukoo.

Hatua ya 4: Weka kifupisho sahihi

Baada ya jina la mwisho acha nafasi moja, fungua mabano, andika kifupisho, funga mabano, kisha weka nukta.

Mhariri mmoja: `(Ed.).`

Wahariri wawili au zaidi: `(Eds.).`

Angalia nukta mbili. Moja iko ndani ya mabano kwa sababu neno limefupishwa. Nyingine iko nje kwa sababu sehemu ya "nani" ya rejeleo imekwisha. Zote mbili zinahitajika. Herufi ya kwanza ni kubwa, na kifupisho hakiandikwi kwa italiki.

Kifupisho kinawekwa mara moja tu, baada ya jina la mwisho, na kinawahusu wote. Nimeona orodha zilizoandikwa `Wynne-Jones, S. (Ed.), & LaViolette, A. (Ed.)`. Hilo si sahihi. Wahariri wawili ni kundi moja, wana `(Eds.)` moja.

Onyo jingine: `Ed.` yenye herufi kubwa na `ed.` yenye herufi ndogo ni vitu viwili tofauti kabisa katika APA. Kubwa ni mhariri. Ndogo ni toleo, kama katika `(2nd ed.)`. Toleo halina wingi, kwa hiyo `eds.` yenye herufi ndogo haipo popote kwenye mtindo huu. Tutaona vyote viwili ndani ya rejeleo moja muda si mrefu.

Kisha kuna mtego wa kipekee kwa anayeandika kuhusu Zanzibar. Kitabu cha mwaka 1991 kuhusu Zanzibar chini ya ukoloni kilihaririwa na Abdul Sheriff na Ed Ferguson. Huyo wa pili jina lake la kwanza ni Ed. Mtu akinakili kwa haraka hudhani `Ed` ni kifupisho, anakiweka kwenye mabano, na Ferguson anabaki bila jina la kwanza. Inavyotakiwa, kwa nakala iliyotolewa na James Currey, ni hivi:

Sheriff, A., & Ferguson, E. (Eds.). (1991). *Zanzibar under colonial rule*. James Currey.

`E.` ni ya Ed mwenyewe. `(Eds.)` ni ya kazi waliyoifanya wote wawili.

Hatua ya 5: Malizia mwaka, jina la kitabu na mchapishaji

Mwaka unaingia kwenye mabano yake peke yake na kufuatwa na nukta. Usiuingize kwenye mabano ya wahariri. `(Eds., 2018)` ni kosa kwenye orodha.

Jina la kitabu linaandikwa kwa italiki, na herufi kubwa inawekwa kwenye neno la kwanza, kwenye neno la kwanza baada ya nukta mbili za kichwa kidogo, na kwenye majina ya pekee tu. Ndiyo maana kwenye jalada unasoma *The Swahili World* lakini kwenye rejeleo la APA unaandika *The Swahili world*. Swahili inabaki na herufi kubwa kwa kuwa ni jina la pekee kwa Kiingereza. *World* haibaki.

Mchapishaji huandikwa kwa jina lake bila mji. Toleo la 6 la APA lilitaka mji, kwa hiyo mwongozo wa zamani wa idara yako unaweza bado kuonyesha `London: Routledge`. Katika toleo la 7 mji umeondolewa. Rejeleo letu la kwanza limekamilika:

Wynne-Jones, S., & LaViolette, A. (Eds.). (2018). *The Swahili world*. Routledge.

Na lile la mhariri mmoja, lenye juzuu na wachapishaji zaidi ya mmoja:

Boahen, A. A. (Ed.). (1985). *General history of Africa: Vol. 7. Africa under colonial domination 1880–1935*. Heinemann; University of California Press; UNESCO.

Hapo jina la mfululizo, namba ya juzuu na jina la juzuu vyote viko kwenye italiki, kwa sababu juzuu hiyo ina jina lake. Wachapishaji wanatenganishwa kwa nukta-mkato, kwa mpangilio wa ukurasa wa ndani wa nakala uliyoisoma.

Hatua ya 6: Ndani ya maandishi, ondoa kifupisho

Kwenye sentensi zako `Ed.` na `Eds.` hazionekani kabisa. Wahariri wanatajwa kama waandishi wa kawaida:

(Wynne-Jones & LaViolette, 2018)

au, jina likiwa sehemu ya sentensi: Wynne-Jones na LaViolette (2018) wamekusanya...

Kifupisho kina kazi moja tu, kumwambia msomaji anayekitafuta kitabu kwamba majina hayo ni ya wahariri. Kazi hiyo inafanywa kwenye orodha. Ndani ya maandishi, jina na mwaka vinatosha kumpeleka msomaji huko. Wahariri wakiwa watatu au zaidi, taja wa kwanza na `et al.` tangu mara ya kwanza kabisa.

Chagua pia kitenzi kwa uangalifu. Wahariri "wamekusanya", "wamehariri", "wameleta pamoja". Ukiandika kwamba wahariri "wanadai" au "wanathibitisha" jambo, rudi hatua ya 1, maana huenda anayedai ni mwandishi wa sura.

Mfano mmoja hadi mwisho: matoleo mawili ya kitabu kimoja

Wanafunzi wa isimu wanakijua *The Bantu Languages*. Toleo la kwanza la mwaka 2003 lilihaririwa na Derek Nurse na Gérard Philippson. Toleo la pili la mwaka 2019 lina wahariri wanne: Mark Van de Velde, Koen Bostoen, Derek Nurse na Gérard Philippson. Jina la kitabu ni lile lile na mchapishaji ni yule yule, Routledge, lakini mahali pa mwandishi pamebadilika.

Tuseme unaandika sura ya mapitio na unataka kusema kwamba kuna vitabu viwili vya jumla vinavyotoa picha ya familia ya lugha za Kibantu. Unavitaja vizima, kwa hiyo hatua ya 1 imepita. Kwenye orodha unaandika hivi, kila kimoja peke yake:

Nurse, D., & Philippson, G. (Eds.). (2003). *The Bantu languages*. Routledge.

Van de Velde, M., Bostoen, K., Nurse, D., & Philippson, G. (Eds.). (2019). *The Bantu languages* (2nd ed.). Routledge.

Cha kwanza hakina alama ya toleo kwa sababu toleo la kwanza halitajwi. Cha pili kina `(Eds.)` ya wahariri kabla ya mwaka, na `(2nd ed.)` ya toleo baada ya jina la kitabu. Mabano ya toleo hayako kwenye italiki, na nukta inakuja baada yake, si kati yake na jina la kitabu.

Kwenye orodha kimoja kiko N na kingine kiko V, ingawa msomaji anaweza kudhani vinapaswa kukaa pamoja. Orodha hupangwa kwa jina la mhariri wa kwanza. Ndani ya maandishi unaandika (Nurse & Philippson, 2003; Van de Velde et al., 2019).

Sasa tuseme aya inayofuata inahusu sauti za lugha za Kibantu, na hoja umeitoa kwenye sura ya Larry Hyman katika toleo la 2003. Kipimo cha ukurasa kinakuzuia, na rejeleo linabadilika umbo:

Hyman, L. M. (2003). Segmental phonology. In D. Nurse & G. Philippson (Eds.), *The Bantu languages* (pp. 42–58). Routledge.

Linganisha na lile la kitabu kizima. Wahariri wamehama kutoka mbele hadi katikati. Herufi za majina sasa zinatangulia jina la ukoo, `D. Nurse`. Mkato kabla ya `&` umeondoka kwa kuwa majina hayajageuzwa. Na baada ya `(Eds.)` kuna mkato, si nukta. Anayenakili rejeleo la sura na kulikata mwanzo ili lipate kuwa la kitabu kizima hubakiwa na mabaki ya umbo hili, na msimamizi huyaona mara moja. Andika upya tangu mwanzo.

Usiorodheshe vyote viwili, sura na kitabu kizima, kwa sababu tu umesoma sura. Kitabu kizima kinaingia kwenye orodha ikiwa kimetajwa kizima mahali fulani ndani ya kazi yako.

Ukiandika kwa Kiswahili

Hapa ndipo mabishano yalipo. APA ilitungwa kwa Kiingereza, nasi tunaandika tasnifu za Kiswahili. Kwa mazoea, `(Mh.)` ni ya mhariri mmoja na `(Wah.)` ya wahariri. Utakutana pia na `(Mhr.)` na nyinginezo. Wengine huzibadilisha kwa kufuata lugha ya kitabu: kitabu cha Kiingereza `(Eds.)`, cha Kiswahili `(Wah.)`.

Kwa maoni yangu, vifupisho vifuate lugha ya kazi yako, si lugha ya kitabu. Orodha ya marejeleo ni sehemu ya maandishi yako na anayeisoma ni msomaji wa Kiswahili. Jina la kitabu peke yake ndilo lisiloguswa wala kutafsiriwa. Hivyo:

Wynne-Jones, S., na LaViolette, A. (Wah.). (2018). *The Swahili world*. Routledge.

Lakini ukianza hivyo, endelea hivyo kwenye orodha yote: `na` badala ya `&`, "na wenzake" badala ya `et al.`, "toleo la 2" badala ya `2nd ed.`, "Katika" badala ya `In`, "kur." badala ya `pp.` Kinachoudhi ni orodha yenye `(Wah.)` mstari mmoja na `(Eds.)` mstari unaofuata bila sababu inayoonekana. Kama idara imeshaamua kifupisho chake, tumia hicho bila kubishana.

Zingatia kwamba `Mh.` ni pia kifupisho cha Mheshimiwa. Kikiwa ndani ya mabano baada ya jina hakimchanganyi mtu. Kikija kabla ya jina, kama inavyotokea kwenye rejeleo la ndani lililoandikwa vibaya, mhariri wako anageuka mbunge. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokiweka ndani ya maandishi.

MLA na Chicago

MLA, toleo la 9, haifupishi. Neno linaandikwa lote kwa herufi ndogo, baada ya mkato, bila mabano:

Wynne-Jones, Stephanie, and Adria LaViolette, editors. *The Swahili World*. Routledge, 2018.

Chicago, toleo la 18, hufupisha kwa herufi ndogo, pia bila mabano:

Wynne-Jones, Stephanie, and Adria LaViolette, eds. *The Swahili World*. Routledge, 2018.

Mhariri akiwa mmoja, ni `editor` na `ed.` Katika mitindo yote miwili mhariri wa pili jina lake halijageuzwa, na jina la kitabu linabaki na herufi zake kubwa.

Ukitumia Zotero

Chagua `Book` kwenye `Item Type`. Kando ya jina la mtu kuna neno `Author`. Bofya hapo ubadilishe liwe `Editor`, na ufanye hivyo kwa kila mhariri. Usiache jina lolote likiwa `Author`. Ukifanya hivyo, mtindo wa APA utaweka wenyewe `(Ed.)` au `(Eds.)` kwa kuhesabu majina. Usiandike kifupisho kwa mkono ndani ya nafasi ya jina, maana kitajitokeza hata kwenye rejeleo la ndani. Kwenye `Edition` andika namba `2` tu. Sura huingizwa kama `Book Section`, ambayo ina mwandishi wake na wahariri wake pamoja.

Mambo yakienda kombo

*Kifupisho hakitokei kabisa kwenye Zotero.* Wahariri wameingia kama `Author` au `Contributor`. Hutokea unapovuta taarifa kutoka kwenye katalogi ya maktaba. Badilisha kila jina.

*Wahariri wanatokea baada ya jina la kitabu, si mbele.* Kuna jina limebaki kama `Author`, na programu inadhani kitabu kina mwandishi. Liondoe au lifanye `Editor`. Kama kweli kitabu kina mwandishi wa maneno yote, kama cha Muyaka, basi programu iko sahihi.

*Unatakiwa `(Wah.)` lakini programu inatoa `(Eds.)`.* Subiri hadi kazi ikamilike. Hifadhi nakala ya faili, kisha kwenye nakala nyingine bofya `Unlink Citations` na ubadilishe kwa mkono. Ukibadilisha kabla ya kukata kiungo, mabadiliko yatafutika programu itakaposasisha orodha. Badilisha `(Eds.)` pamoja na mabano yake. Ukitafuta `Ed` peke yake na kubadilisha zote kwa mkupuo, utaharibu neno *Education* na kila neno jingine linaloanza hivyo.

*Vitabu viwili vya wahariri wale wale, mwaka ule ule.* Ongeza `a` na `b` baada ya mwaka kwa kufuata alfabeti ya majina ya vitabu, na herufi hizo zionekane pia ndani ya maandishi.

*Mtu huyo huyo ni mhariri wa kitabu kimoja na mwandishi wa kingine.* Marejeleo yote mawili yanaanza na jina lake, na ni hili la uhariri tu linalobeba `(Ed.)`. Alichoandika peke yake kinatangulia alichohariri na mwenzake, hata kama ni cha karibuni zaidi.

*Msimamizi ameandika "nani kasema haya?" kando ya rejeleo la wahariri.* Hajakosoa nukta wala mabano. Umetaja kitabu kizima mahali palipohitaji sura. Tafuta ukurasa, tafuta jina la mwandishi wa sura, na uliandike rejeleo upya kwa umbo la lile la Hyman hapo juu.